Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kukadiria Muda wa Dereva wa Lori Anayevuka Mpaka

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa madereva, wenye mizigo na vijana wanaoanza kazi ya kupanga safari. Mengi yanarudi palepale: lori litafika lini, na kwa nini halifiki muda ambao ramani ya simu ilisema. Muda wa saa nimeuandika kwa mtindo wa saa 24 kwa sababu ndivyo kinasa-mwendo (takografu) cha kwenye lori kinavyoonyesha. 05:00 ni saa 11 alfajiri, 13:00 ni saa 7 mchana. Ninapoandika "saa 9" bila nukta pacha na bila neno kama mchana au alasiri, nazungumzia urefu wa muda.

## Ramani ya simu inasema safari ni saa 13. Kwa nini wewe unaniambia 32?

Kwa sababu ramani inahesabu gari dogo ambalo dereva wake halali, hapimiwi mwendo na hakai foleni ya forodha. Ukichukua kilomita 1,190, ambazo ndizo nitakazotumia kwenye mfano huko chini, lori litahitaji kama saa 17 za magurudumu kuzunguka. Saa 15 zilizobaki ni za mapumziko ya lazima, mpaka, na ukaguzi wa gari. Hakuna hata moja kati ya hizo unayoweza kuiondoa kwa kukanyaga mafuta.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kuchukua saa za kuendesha, kuongeza "mapumziko kidogo" mwishoni, halafu kuongeza saa za mpaka juu yake kana kwamba ni fungu la pembeni. Mpaka si fungu la pembeni. Foleni inakula muda wa dereva wa siku hiyo, na hapo ndipo hesabu nyingi zinapovunjika.

## Unatumia sheria za wapi?

Majibu mengi hapa yanafuata Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 561/2006, iliyoanza kutumika Aprili 2007 na kurekebishwa Agosti 2020. Nimeichagua kwa sababu imeandikwa kwa vipimo vinavyopangika, na kwa sababu mkataba wa AETR unatumia vipimo vikuu vilevile kwa safari zinazotoka Umoja wa Ulaya kwenda nchi jirani zilizousaini. Kama lori lako limesajiliwa katika nchi ya Umoja huo au nchi ya AETR na safari inatoka nje ya eneo la Umoja, ni AETR inayoongoza safari yote tangu mwanzo, siyo kipande cha nje peke yake. Wengi hili hawalijui, lakini kwa kupanga muda haliwaumizi sana kwa sababu namba ni zilezile.

Mahali pengine namba hubadilika. Njia ya kuhesabu ndiyo inayobaki, kwa hiyo ukiielewa unabadilisha vipimo tu.

## Ni vipimo gani hasa ninavyopaswa kukumbuka?

Mimi huwaambia wanaoanza wafikirie saa tatu za ukutani zinazotembea kwa pamoja, kila moja ikiwa na mwisho wake.

Saa ya kwanza ni ya kuendesha mfululizo. Baada ya saa 4 na dakika 30 za kuendesha, dereva lazima apumzike dakika 45. Anaweza kuzigawa mara mbili, lakini kipande cha kwanza kiwe angalau dakika 15 na cha pili angalau dakika 30, kwa mpangilio huohuo. Ukianza na 30 ukamalizia na 15, umepata 15 tu iliyohesabiwa na bado unadaiwa 30.

Saa ya pili ni ya kuendesha kwa siku: saa 9. Mara mbili kwa wiki inaruhusiwa kufika 10.

Saa ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoleta faini. Tangu dereva alipomaliza mapumziko ya usiku na kuanza kazi yoyote, hata kukagua matairi, zinaanza kuhesabiwa saa 24. Ndani ya hizo saa 24 lazima mapumziko mapya yawe yameshakamilika. Siyo kuanza, kukamilika. Mapumziko ya kawaida ni saa 11, na mara tatu kati ya mapumziko mawili ya wiki yanaweza kufupishwa hadi saa 9. Fanya utoaji: 24 kutoa 11 ni 13, 24 kutoa 9 ni 15. Kwa hiyo dereva ana dirisha la saa 13, au la saa 15 akitumia mojawapo ya zile nafasi tatu. Dirisha hili halisimami. Akinywa chai linatembea, akisubiri muhuri linatembea, mwenye ghala akiwa hayupo linatembea.

Ukiwa na hizo tatu kwenye karatasi, kila hatua ya safari unaiuliza swali moja: ni saa ipi itakayoisha kwanza?

## Nikadirie kwa kasi gani?

Usitumie 90. Malori makubwa ya Ulaya yamefungwa kifaa cha kuzuia yasivuke kilomita 90 kwa saa, na watu huona namba hiyo wakadhani ndiyo kasi ya safari. Hiyo ni dari.

Kasi ya kupangia unaipata kwenye kumbukumbu zako mwenyewe: chukua kilomita za safari tano au sita zilizopita kwenye njia inayofanana, gawanya kwa saa za kuendesha zilizoandikwa na kinasa-mwendo. Gawanya kwa saa za kuendesha peke yake, siyo kwa muda wote wa safari, la sivyo utahesabu mapumziko mara mbili. Kwa barabara kuu iliyonyooka mimi hupata kati ya 65 na 75. Kwenye mfano natumia 70. Kwenye milima au barabara inayopita katikati ya miji, 55 inaweza kuwa kubwa mno.

## Foleni ya mpakani inahesabiwa kama kuendesha au kama kupumzika?

Hili ndilo swali lenye pesa ndani yake, na jibu lake ni: inategemea gari linavyosogea, na dereva amebonyeza nini.

Kinasa-mwendo kina alama nne. Usukani ni kuendesha, nyundo mbili zilizopishana ni kazi nyingine, kitanda ni kupumzika, na mraba wenye mstari wa mshazari ni kusubiri akiwa tayari kwa kazi. Gari likisogea, mashine inaweka usukani yenyewe, haimuulizi mtu. Gari likisimama, inarudi yenyewe kwenye nyundo. Kitanda lazima dereva akiweke kwa mkono. Kuna dereva anayekaa foleni saa mbili gari limezimwa, amelala kabisa kwenye kiti, na kadi yake ya kinasa-mwendo inasoma nyundo saa mbili kwa sababu hakubonyeza. Kwa mkaguzi huyo hajapumzika.

Sasa foleni inayotambaa. Gari linasogea mita thelathini, linasimama dakika nane, linasogea tena. Mashine inaandika kwa dakika: dakika inapewa shughuli iliyochukua muda mrefu zaidi ndani yake, na dakika ya kusimama iliyobanwa kati ya dakika mbili za kuendesha inaandikwa kuendesha. Kwa hiyo foleni ya saa 3 haitoki na saa 3 za usukani, ila haitoki na sifuri pia. Kwa kumbukumbu zangu mimi huweka kama moja ya tano ya muda wa foleni kuwa ni kuendesha, na nazungusha kwenda juu. Saa 3 nazipa dakika 40. Njia yako ikiwa na mpaka wenye maegesho ya namba, ambapo lori linasimama hadi liitwe, weka pungufu ya hapo. Zisome kadi za madereva wako, zitakuambia.

Linaloumiza zaidi ni kwamba vipande vya kusimama chini ya dakika 15 si mapumziko kabisa. Nane, kumi na mbili, kumi na nne: vyote sifuri. Niliwahi kupanga safari nikitegemea dereva "atapumzikia foleni". Alipata dakika 29 za kitanda, foleni ikasogea, aliye nyuma akapiga honi, akasogeza gari. Zile 29 zilihesabiwa kama kipande cha kwanza cha 15. Akawa bado anadaiwa nusu saa nzima, amebakiwa na dakika nne za kuendesha, na yuko katikati ya njia ya forodha asikoweza kuegesha. Kosa lilikuwa langu, si lake.

Tangu hapo nina sheria moja: mapumziko ya dakika 45 yachukuliwe kabla ya kuingia foleni, hata kama saa 4 na nusu hazijaisha. Dereva anaingia foleni akiwa na saa ya kwanza iliyorudi sifuri, na foleni itambae itakavyo.

## Nionyeshe mfano mmoja mzima.

Haya. Kilomita 1,190, mpaka uko kilomita ya 560. Dereva mmoja, amepumzika vizuri, anaanza Jumanne. Kasi 70. Foleni ya mpaka inakadiriwa saa 3. Kilomita 23 baada ya mpaka kuna maegesho ya malori.

05:00 anaanza kazi. Nusu saa ya kukagua gari, kufunga mzigo sawasawa na kupanga karatasi. Dirisha limeshaanza kutembea: mapumziko ya saa 11 lazima yaanze 18:00, ya saa 9 yaanze 20:00. Namba hizi mbili ziandike juu kabisa ya karatasi kabla ya kitu kingine.

05:30 anaondoka. Anaendesha saa 4 na dakika 15 hadi 09:45. Sijampa saa 4 na nusu kamili, kwa sababu maegesho hayapo pale unapotaka na robo saa ya akiba ndiyo inayomfikisha. Amekwenda kama kilomita 297. Anapumzika dakika 45 hadi 10:30.

10:30 hadi 14:15 anaendesha saa 3 na dakika 45. Yuko karibu na mpaka, kilomita ya 560, na siku ina saa 8 za kuendesha.

Hapa ndipo panapoamua. Akiingia foleni moja kwa moja, foleni inamwongezea dakika 40 za usukani. Anatoka mpakani 17:15 akiwa na saa 4 na dakika 25 za kuendesha mfululizo. Zimebaki dakika tano, na maegesho yako dakika 20 mbele. Kwenye karatasi ya aliyepanga alikuwa amefika mapema. Barabarani amenaswa.

Kwa hiyo anaegesha kabla ya foleni, anaweka kitanda, dakika 45, hadi 15:00. Kisha foleni, 15:00 hadi 18:00, na kuendesha kwa siku kunafika saa 8 na dakika 40. Anaendesha dakika 20 hadi kwenye maegesho, 18:20. Siku imefunga saa 9 kamili.

18:00 imeshapita, kwa hiyo saa 11 haziwezi kukamilika ndani ya zile 24. Mapumziko haya yatahesabiwa kuwa ya kufupishwa hata akilala saa 10. Basi anachukua 9, hadi 03:20 Jumatano, na anaandika kwamba ametumia nafasi moja kati ya tatu.

03:20 anaamka, robo saa ya ukaguzi, 03:35 anaondoka. Zimebaki kilomita 607, yaani saa 8 na dakika 40. Anaendesha saa 4 na dakika 20 hadi 07:55, anapumzika hadi 08:40, anaendesha tena saa 4 na dakika 20. Anafika 13:00 Jumatano, saa 7 mchana.

Ndizo saa 32. Kuendesha jumla ni saa 17 na dakika 40, zikiwemo zile 40 za kutambaa.

## Mpango huo unavumilia foleni ya urefu gani?

Swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu, na wachache huliuliza.

Rudi nyuma kutoka kwenye 20:00. Maegesho yako dakika 20 baada ya mpaka, kwa hiyo lazima awe ametoka mpakani 19:40. Aliingia foleni 15:00. Foleni inaweza kufika saa 4 na dakika 40, na hapo kuendesha kwa siku kutakuwa kumevuka 9 kidogo, kwa hiyo ametumia pia moja ya zile siku mbili za saa 10. Ikivuka hapo, hakuna ujanja: atavunja sheria ya mapumziko akiwa kwenye foleni, asipoweza kutoka.

Ndiyo maana makadirio ya foleni hayawezi kuwa namba moja. Mimi huuliza mbili: kwa kawaida ni saa ngapi, na siku mbaya ni saa ngapi? Ya kawaida ndiyo naipangia ratiba. Ya siku mbaya ndiyo inayoniambia kama dereva aingie foleni leo au alale kabla.

## Na akilala kabla ya mpaka?

Tuseme wakala wa forodha amepiga simu saa 8 mchana, foleni leo ni saa 5 au zaidi. Dereva anaegesha 14:15 na kuchukua saa 11 kamili, hadi 01:15. Dirisha jipya linaanza hapo. Robo saa ya ukaguzi, 01:30 yuko kwenye foleni ya usiku.

Ikiwa ni saa 3, anatoka 04:30 akiwa na dakika 40 za kuendesha. Zimebaki kilomita 630, sawa na saa 9. Jumla ya siku ni saa 9 na dakika 40, kwa hiyo anatumia siku moja ya saa 10. Anaendesha saa 3 na dakika 50 hadi 08:20, mapumziko hadi 09:05, saa 4 na nusu hadi 13:35, mapumziko tena hadi 14:20, halafu dakika 40 za mwisho. Anafika 15:00.

Angalia tofauti: saa 2 tu. Amelala vizuri, nafasi ya kufupisha ataitumia baada ya kufika tu kwa sababu 14:15 imeshapita, na hakuna sekunde aliyokuwa hatarini kunaswa. Ila anayechukua njia hii ajue kwamba foleni ya usiku nayo ikifika saa 5, siku itagusa saa 10 kamili na angefika 17:00, lakini dirisha la saa 15 linafunga 16:15, kwa hiyo itabidi alale njiani kabla ya kufika. Na mpaka usiofanya kazi usiku unaiua njia hii moja kwa moja. Uliza kwanza, kwa sababu wakati mwingine lango liko wazi lakini ofisi ya kukagua mimea au mifugo imefungwa.

## Si kuna kifungu cha dharura kinachoruhusu kupitiliza?

Kipo. Ibara ya 12 ya Kanuni 561/2006 inamruhusu dereva kupitiliza ili kufika mahali salama pa kuegesha, usalama wa barabara usipohatarishwa. Tangu 2020 inaruhusu pia hadi saa moja ya ziada ili kufika nyumbani au kituo cha mwajiri kwa mapumziko ya wiki, na hadi saa 2 kwa mapumziko kamili ya wiki, iwapo amepumzika dakika 30 mfululizo kabla tu ya ziada hiyo. Lazima aandike sababu kwa mkono, kwenye karatasi iliyochapwa na mashine, asichelewe kupita wakati wa kufika.

Lakini hiki ni kifungu cha dereva aliyekutwa na jambo barabarani, si cha anayepanga safari akiwa ofisini. Foleni inayotokea kila Jumanne haiwezi kuitwa ya ghafla. Mkaguzi akiona kadi ina "dharura" ileile mara nne kwa mwezi, mpakani palepale, anajua ni ratiba.

## Wiki inaingiaje kwenye hesabu?

Kwa wiki moja kuendesha kusizidi saa 56, na kwa wiki mbili mfululizo kusizidi 90. Wiki inaanza Jumatatu 00:00. Kabla ya kumpa dereva safari, angalia wiki iliyopita: kama aliendesha 52, wiki hii ana 38 tu. Safari yetu inakula karibu 18 kwenda, na kurudi kama hizo. Zinabaki 2.

Pia mapumziko ya wiki, saa 45 kwa kawaida, lazima yaanze kabla ya vipindi sita vya saa 24 kwisha tangu yaliyopita. Zile 45 haziruhusiwi kulaliwa ndani ya lori.

## Nikiweka madereva wawili, nagawanya muda kwa mbili?

Hapana, ila unaokoa sana. Gari lenye wawili linahesabiwa dirisha la saa 30 badala ya 24, na ndani yake kila mmoja apate saa 9 za mapumziko, gari likiwa limesimama. Aliyekaa pembeni anaweza kuhesabiwa dakika 45 za mapumziko gari likienda, mradi hamsaidii mwenzake. Kwa hiyo mapumziko mafupi ya njiani yanatoweka kwenye ratiba wakibadilishana vizuri. Kwenye mfano wetu saa 17 na dakika 40 zinagawanyika chini ya 9 kwa kila mtu: 05:00, ukaguzi, kuendesha, foleni ya saa 3, na mzigo unafika kama 01:45 usiku wa kuamkia Jumatano, bado ndani ya dirisha lilelile, bila kulala njiani. Halafu swali linakuwa: nani atapokea mzigo saa hiyo?

## Kivuko au treni?

Saa 11 za mapumziko zinaweza kukatizwa mara mbili, jumla isizidi saa moja, kwa kupanda na kushuka, dereva akiwa na kitanda. Usipange kivuko cha saa 2 ukadhani kimekupa usiku.

## Sheria zikiwa za Marekani na Kanada?

Marekani kuendesha ni saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, baada ya saa 10 za kutokuwa kazini, na kupumzika kuendesha kwa dakika 30 kukifika saa 8 za usukani. Hizo 30 si lazima ziwe za kulala. Kazi nyingine isiyo ya kuendesha inakubalika.

Weka safari yetu kwenye vipimo hivyo. Anaondoka 05:30, anasimama nusu saa njiani, anafika mpakani 14:00, anatoka 17:00. Dirisha linafunga 19:00. Anasogea saa 2 zaidi hadi kilomita ya 700, analala hadi 05:00, anafika 12:15. Tofauti na Ulaya si kubwa kama watu wanavyodhani.

Mtego uko kwenye kubadilisha sheria katikati. Kanada, kusini mwa latitudo 60, inaruhusu kuendesha saa 13. Dereva aliyeendesha 12 akiwa Kanada yuko sawa kisheria, lakini akivuka kwenda Marekani anapaswa kutimiza sheria ya Marekani kwa kuangalia nyuma. Ameshavuka 11. Haendeshi upande ule mpaka amalize saa 10. Kwa safari inayovuka, panga kwa sheria kali zaidi tangu asubuhi.

## Nchi zina saa tofauti. Dereva anapoteza au anapata saa?

Hapati wala hapotezi. Kinasa-mwendo kinaandika kwa saa ya UTC, hata kama kioo kinaonyesha saa ya hapo alipo. Saa 9 za kulala ni saa 9 zilizopita kweli. Tofauti ya saa unaiongeza mara moja tu, mwishoni, kwenye muda wa kufika utakaompa mteja. Ukiibadilisha katikati ya hesabu utampa dereva usiku wa saa 8 bila kujua.

## Hesabu yangu kwenye jedwali inatoka ndogo. Nimekosea wapi?

Mara tisa kati ya kumi umeandika 4.30 ukimaanisha saa 4 na nusu. Saa 4 na nusu ni 4.5. Na 8.67 ni saa 8 na dakika 40, si 67. Kwenye jedwali la kompyuta, badilisha hivi, ambapo A2 ni kilomita na B2 ni kasi:

```
=A2/B2/24
```

Halafu ipe seli muundo wa `[h]:mm`. Mabano ya mraba yasipokuwepo, saa 32 zitaonekana kama 8:00, na nimeona mtu akimpigia mteja simu na hiyo 8.

## Mwenye mzigo nimwambie saa ngapi?

Usimpe 13:00. Mpe "Jumatano kati ya saa 7 mchana na saa 10 alasiri," na umwambie kwamba utamthibitishia Jumanne jioni, dereva akishatoka mpakani. Kabla ya mpaka makadirio yako yana upana wa saa kadhaa, baada ya mpaka yana upana wa nusu saa. Na muulize mwisho wake wa kupokea ni saa ngapi. Ghala linalofunga saa 9 alasiri limeshakuchagulia: ile njia ya kulala kabla ya mpaka inafika saa 9 alasiri kamili, geti likifungwa.